Diski zimevimba: je, ni neuritisi ya optiki au papiledema?

Mwongozo huu ni kwa daktari au tabibu aliyeangalia ndani ya jicho kwa oftalmoskopu, akakuta diski ya optiki imevimba na kingo zake zimefifia, na sasa anatakiwa kuamua mgonjwa aelekezwe wapi. Njia ni mbili. Huenda neva yenyewe inashambuliwa na kinga ya mwili na kuvuliwa mailini, yaani neuritisi ya optiki. Au neva haina ugonjwa wake, ila imevimba kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu limepanda, na hiyo ndiyo papiledema. Ya kwanza inakupeleka kwenye maswali ya MS, ugonjwa wa kinga ya mwili kuvua mailini kwenye ubongo na uti wa mgongo, na ndugu zake. Ya pili inakutaka utafute leo hii kinachobana ubongo.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba diski yenyewe itakupa jibu. Ukiwekewa picha mbili za diski zilizovimba bila maelezo ya mgonjwa, hata bingwa wa macho atasita. Kinachotenganisha ni jinsi jicho linavyofanya kazi, kwa hiyo hatua hizi zinaanza na uonaji, na diski inakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: sikiliza uonaji ulivyopotea

Muulize mgonjwa uonaji ulianza lini kubadilika na ulibadilikaje. Mwenye neuritisi ya optiki atakuambia jicho moja lilianza kuona ukungu, kesho yake ukungu ukazidi, na baada ya siku kadhaa katikati pakawa giza. Ukungu huo hauondoki akipumzika. Muulize pia kama anaumia akizungusha jicho. Katika jaribio kubwa la tiba ya ugonjwa huu, lililoandikisha wagonjwa 457 Marekani kuanzia mwaka 1988, zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa na maumivu. Kwa hiyo mtu asiyeumia hata kidogo anakupa sababu ya kutilia shaka utambuzi huo.

Mwenye papiledema ana hadithi nyingine kabisa. Mara nyingi haji kwa sababu ya macho. Anakuja kwa kichwa kinachouma zaidi asubuhi au akilala, kikiongezeka akikohoa au akiinama. Ukimbana na maswali atakumbuka kwamba akisimama ghafla macho yote mawili yanaingia giza kwa sekunde chache, kisha yanarudi kama kawaida. Wengine husikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo. Wengine huona vitu viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, hasa wakitazama mbali, kwa sababu neva ya sita ya kichwa imelegezwa na shinikizo.

Zingatia tofauti ya muda. Giza la sekunde chache linalojirudia ni ishara ya shinikizo, na ukungu unaokaa siku nzima ukiongezeka ni ishara ya neva iliyoshambuliwa.

Hatua ya pili: pima kabla ya kutia matone

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akishatiwa matone ya kutanua mboni, kipimo chenye thamani kuliko vyote hakiwezi kufanyika tena hadi saa kadhaa zipite. Weka chupa ya matone mbali mpaka umalize mambo matatu.

La kwanza ni uwezo wa kuona kwa chati, jicho moja moja, mgonjwa akiwa na miwani yake kama anayo, na kwa karatasi yenye tundu dogo kama hana. La pili ni rangi. Kama una vitabu vya Ishihara, tumia. Kama huna, kifuniko chekundu cha chupa ya matone hayohayo kinatosha: mwonyeshe kwa jicho moja, kisha kwa jingine, umuulize kama wekundu ni ule ule. Mwenye neuritisi atasema upande mgonjwa umepauka, umekuwa kama waridi au kama kutu. Usimuulize tu kama anaona nyekundu, maana atajibu ndiyo. Muulize ni jicho lipi linaona wekundu uliokolea.

La tatu ni mboni, nalo linastahili muda. Punguza mwanga chumbani, mwambie atazame mbali, kisha mulika jicho la kulia kwa sekunde mbili au tatu, hamia haraka jicho la kushoto kwa muda ule ule, rudi kulia, na uendelee hivyo. Kwa mtu mzima wa afya mboni zote zinabaki zimesinyaa mwanga unapohama. Neva ya upande mmoja ikiwa dhaifu, mwanga ukifika upande huo ubongo unapata taarifa ndogo kuliko iliyotangulia, na mboni zote mbili zinatanuka mbele ya macho yako ilhali mwanga umelimulika jicho moja kwa moja. Hiyo ndiyo kasoro ya mboni ya upande mmoja. Neuritisi ya jicho moja karibu lazima iwe nayo. Ukiikosa, na jicho lingine halijawahi kuugua, rudi uangalie upya kama tatizo ni la neva kweli au ni la retina.

Papiledema kwa kawaida haina kasoro hiyo, kwa sababu neva zote mbili zimevimba karibu sawasawa na bado zinapitisha mwanga vizuri. Uwezo wa kuona ni 6/6 au karibu yake, rangi zimekamilika, na kilichoongezeka ni ukubwa wa doa upofu tu, jambo ambalo mgonjwa mwenyewe halitambui. Kwa vidole vyako mbele ya uso wake pia hutaliona. Linahitaji mashine ya kupima uga wa kuona.

Kwa nini diski ivimbe hivyo na jicho liendelee kuona? Maji yanayozunguka ubongo yanaendelea ndani ya ala inayofunika neva ya optiki mpaka nyuma ya jicho. Shinikizo likipanda kichwani, linapanda pia ndani ya ala hiyo, na vitu vinavyosafiri ndani ya nyuzi za neva vinakwama penye diski kama magari kwenye foleni. Nyuzi zinatuna, lakini mailini ipo na umeme wa neva unapita. Kwenye neuritisi mambo yamegeuka: nyuzi zimevuliwa mailini, taarifa zinachelewa au hazifiki kabisa, hata kama diski haijavimba. Na ndivyo ilivyo mara nyingi. Katika theluthi mbili hivi za neuritisi ya kawaida, ugonjwa uko nyuma ya jicho na diski inaonekana safi siku ya kwanza. Mgonjwa haoni, na daktari naye haoni kitu.

Hatua ya tatu: sasa tia matone uangalie diski

Ukitazama, usiishie kuandika kwamba diski imevimba. Andika ni upande gani au pande zote mbili, kama kuna damu iliyovuja pembeni, na kama mishipa ya damu imezama ndani ya uvimbe kiasi cha kutoonekana inapotoka kwenye diski. Uvimbe wa papiledema huanza pande za juu, chini na puani, na upande wa sikioni huwa wa mwisho kufunikwa. Mishipa ya vena ikidunda yenyewe juu ya diski, shinikizo saa hiyo huenda si kubwa. Isipodunda, usihitimishe lolote, kwa sababu watu wengi wazima pia hawana mdundo huo.

Kisha pima shinikizo la damu. Nalisema hapa kwa sababu husahaulika: shinikizo la damu lililopanda vibaya linaweza kuvimbisha diski zote mbili, na ni aibu kumpeleka mtu kwenye picha za ubongo kabla ya kumfunga mkono mashine ya dakika moja.

Mgonjwa mmoja kwa ukamilifu

Tuchukue mfano unaochanganya, maana mifano myepesi haimsumbui mtu. Mwanamke wa miaka 29 ameletwa na barua ya rufaa yenye neno moja: papiledema. Kichwa kimemuuma wiki nzima, hasa paji la uso na nyuma ya macho. Siku ya tano jicho la kulia liliingia ukungu, na siku mbili baadaye la kushoto likafuata. Diski zote mbili zimevimba, na ile ya kulia ina damu kidogo pembeni. Maumivu ya kichwa yapo, uvimbe uko pande zote mbili, na mgonjwa ni mwanamke kijana. Ni rahisi kuona kwa nini aliyemwandikia aliandika alivyoandika.

Lakini mpime. Jicho la kulia linaona 6/60 na la kushoto 6/24, na tundu la karatasi halisaidii. Kifuniko chekundu kimepauka kwa macho yote, zaidi kwa la kulia. Mboni zote zinasinyaa kivivu, na ukihamisha mwanga ile ya kulia inatanuka kidogo. Akizungusha macho anakunja uso kwa maumivu. Shinikizo la damu ni 118/74.

Hapo barua imeshapinduka. Papiledema ya wiki moja haimshushi mtu hadi 6/60 na kumfutia rangi, isipokuwa shinikizo liwe kali mno au maji yawe yameingia hadi kwenye makula. Hadithi ya siku chache, maumivu ya kuzungusha jicho, rangi zilizofifia na mboni kivivu vyote vinaelekea kwenye neuritisi ya pande mbili.

Je, basi tuache kutafuta shinikizo? La hasha. Diski zote mbili zikivimba, picha ya kichwa haina mjadala hata kama una uhakika. Anapigwa MRI ya ubongo na ya macho, yenye dawa ya kung'arisha, pamoja na picha ya vena za ubongo ili kuona kama kuna damu iliyoganda. Majibu: hakuna uvimbe wala maji yaliyojaa kwenye ubongo, na vena ziko wazi. Neva zote mbili za optiki zimeng'aa kwa urefu mkubwa upande wa mbele, na hata mafuta yanayozizunguka yameng'aa.

Baada ya picha kuonyesha ni salama, anatolewa maji ya uti wa mgongo akiwa amelala ubavu. Kabla ya kusoma bomba la kipimo mwambie anyooshe miguu na apumue polepole, maana mtu aliyejikunja na kujikaza atakupa namba ya juu ya uongo. Kwa mtu mzima, sentimita 25 za maji au zaidi ndizo zinazohesabiwa kuwa shinikizo la juu. Kwake ni 17. Seli nyeupe zimeongezeka kidogo, na bendi za oligokloni, ambazo huonekana kwa wagonjwa wengi wa MS, hazipo.

Damu yake ilikuwa imeshachukuliwa kabla ya dawa yoyote na kupelekwa kupimwa kingamwili dhidi ya AQP4 na MOG, protini mbili za mfumo wa neva ambazo kinga ya mwili inaweza kuzishambulia. Jibu la MOG linarudi chanya. Huu ndio ugonjwa unaoigiza papiledema kuliko mwingine wowote wa jamii hii: hupenda macho yote mawili, huvimbisha diski sana, huvujisha damu, na huanza na maumivu ya kichwa. Asiyepima rangi na mboni atauita shinikizo, na mgonjwa atapewa dawa za kupunguza maji ilhali neva zinaendelea kuungua.

Anapewa methiliprednisoloni gramu moja kwa siku kupitia mshipa kwa siku tano, kisha prednisoloni ya kumeza inayopunguzwa taratibu kwa wiki nyingi. Ugonjwa wa MOG huitikia steroidi haraka na vizuri, lakini hurudi kwa kasi ukipunguza dozi kwa pupa. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hurudi 6/9 au 6/6. Angekuwa na kingamwili za AQP4, mambo yangekuwa mazito zaidi. Neva hupata hasara ya kudumu katika shambulio moja, na kama steroidi hazileti nafuu ndani ya siku chache, kusafisha plazima kunapaswa kuanza mapema bila kusubiri wiki zipite.

Mgonjwa yule yule, vipimo vingine

Sasa mchukue mwanamke huyo huyo, diski zile zile, maumivu yale yale ya kichwa, ila mpime ukute 6/6 macho yote, rangi kamili, mboni safi, na giza la sekunde tatu kila anapoinuka kitandani. Safari inabadilika. MRI na picha ya vena zinafanyika siku hiyo hiyo. Kama MRI haipo, anza na CT na picha ya vena kwa CT. Unatafuta uvimbe, jipu, maji yaliyozibwa njia, na damu iliyoganda kwenye vena, hasa kama amejifungua karibuni au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Usimchome uti wa mgongo kabla ya picha. Kukiwa na kitu kinachosukuma ubongo, kutoa maji chini kunaweza kuuvuta ushuke.

Picha zikiwa safi, maji ya uti wa mgongo yakisoma 32 na hayana seli wala wadudu, na uzito wake umeongezeka mwaka huo, hapo unaweza kusema shinikizo limepanda bila chanzo kinachoonekana. Kabla ya kusema hivyo muulize dawa. Tetrasaiklini za chunusi, vitamini A kwa wingi na isotretinoini zote huweza kuleta hali hiyo hiyo. Na kama ana virusi vya ukimwi, maji hayo yapimwe kriptokoka hata kama seli ni chache, kwa sababu homa ya uti wa mgongo ya fangasi hiyo inaweza kupandisha shinikizo sana huku seli zikiwa karibu na kawaida. Tiba ya shinikizo lisilo na chanzo ni kupunguza uzito na asetazolamidi, na kumfuatilia kwa mashine ya uga wa kuona.

Kila moja inakuambia nini baadaye

Neuritisi ya kawaida ya jicho moja, kwa kijana, yenye maumivu na inayoanza kupata nafuu ndani ya wiki tatu au nne, inakuuliza swali la MS. Jibu liko kwenye MRI ya ubongo. Wagonjwa wa lile jaribio la Marekani walifuatiliwa miaka 15. Waliokuwa na ubongo safi siku ya kwanza, robo yao walipata MS. Waliokuwa na hata alama moja ya kawaida ya MS, walioupata walifikia asilimia 72. Hiyo ndiyo sababu picha inapigwa hata kama jicho limeshapona. Na ukikuta diski imevimba vibaya, ina damu, mgonjwa haumii hata kidogo na ubongo ni safi, hatari ya MS inashuka sana. Tafuta MOG, kaswende, kifua kikuu au tatizo la mishipa ya damu.

Jaribio hilo hilo lilitoa onyo ambalo bado linapuuzwa. Steroidi za mshipani ziliharakisha nafuu bila kubadilisha uonaji wa mwisho, lakini prednisoloni ya kumeza peke yake kwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito iliongeza marudio ya ugonjwa. Usimpe mgonjwa wa neuritisi vidonge vya dozi hiyo ili tu asiondoke mikono mitupu.

Papiledema kwa upande wake inakuambia shinikizo lipo, ila kutokuwepo kwake hakukuambii kwamba halipo. Uvimbe huchukua muda kujitokeza, na mtu aliyevuja damu ubongoni asubuhi anaweza kuwa na diski safi mchana. Ukishatokea, hukawia kuondoka wiki kadhaa hata baada ya shinikizo kushuka.

Ugumu zaidi uko kwenye uvimbe unaopungua. Nyuzi zilizokufa haziwezi kuvimba. Kwa hiyo mgonjwa wa shinikizo la muda mrefu anaporudi kliniki na diski zimetulia, angalia rangi ya diski na mpime uga wa kuona kabla ya kumpongeza. Kama diski ni nyeupe na uga umebanwa kutoka pembeni, uvimbe umeisha kwa sababu neva imeisha, na shinikizo linaweza kuwa bado liko juu. Huyo ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo kwa wapasuaji, wajadili kufungua ala ya neva au kuweka mrija wa kutoa maji, kwa kuwa kilichobaki cha kuona ni kile cha katikati tu.